Kosa la kupanga, kengele ya saa, au maswali kwa watu: uanze na jaribio lipi kwa kijana anayeogopa kukosea?

Kaunta buku yake ya baiolojia ilikuwa ya kwaya 3, lakini ukiishika mkononi ilikuwa nyepesi kama ya kwaya 2. Kurasa zilizopungua zilikuwa zimechanwa, na si kuchanwa ovyo. Alikuwa anaweka rula karibu na mshono, anakata kwa wembe, kisha anang'oa na ukurasa wa upande wa pili unaoshikana nao ili daftari lisilegee. Akikosea neno moja kwenye notisi, ukurasa wote unaondoka na anaanza upya. Binti wa kidato cha tatu, wastani wa 86, namba moja tangu kidato cha kwanza, na mama yake amekaa mbele yangu ananiambia, "Mwalimu, nikilalamika naonekana sina shukrani. Lakini mtoto halali."

Mimi nafundisha baiolojia, na kwa miaka kadhaa nimebeba pia kazi ya ushauri nasaha hapa shuleni. Mambo machache ya binti huyu nimeyabadilisha asitambulike. Nimemweka mbele kwa sababu wazazi na walimu wenzangu wengi wanakwama palepale nilipokwama naye. Wanakubali kwamba mtoto hatatulizwa kwa maneno, wamesikia kwamba kuna majaribio madogo ya vitendo yanayolegeza hofu ya kukosea, lakini hawajui waanze na lipi. Yapo mengi. Hapa nalinganisha matatu ambayo yanafanyika katika shule ya kawaida, bila vifaa na bila gharama.

Kwanza tuelewane tatizo ni nini

Kuwa na kiwango cha juu si ugonjwa. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Shafran, Cooper na Fairburn, walieleza jambo hili kwa namna ambayo bado inatumika: shida inaanza pale thamani ya mtu machoni pake mwenyewe inapotundikwa karibu yote kwenye kufikia viwango vigumu alivyojiwekea, na akaendelea kuvifukuza hata vinapomuumiza. Binti wa kwaya 3 hakuwa anapenda alama 86. Alikuwa anaogopa kuwa mtu wa alama 70.

Swali ambalo mama yake aliniuliza ni la maana: mbona anafaulu kila mara na hofu haipungui? Nilimjibu kwa mfano wa hirizi. Mtu anavaa hirizi kila anapopanda basi. Amefika salama mara mia moja, na mara zote mia moja sifa imekwenda kwa hirizi. Safari salama haziwezi kumfundisha kwamba basi lenyewe lingefika tu, kwa sababu hajawahi kupanda bila hirizi. Kuchana kurasa, kusoma hadi saa nane usiku, kutonyoosha mkono mpaka awe na uhakika, kumuuliza mwenzake mara nne kama jibu ni hilo: hizo zote ni hirizi. Alama nzuri ikija, inahesabiwa kwa hirizi. Ndiyo maana "usijali mwanangu, utafaulu" haisaidii. Anajua atafaulu, na anajua pia, kwa akili yake, ni kwa nini.

Jaribio la vitendo ni kupanda basi mara moja bila hirizi, baada ya kuandika kwenye karatasi unachotarajia kitokee.

Neno lenyewe lina mtego. Shuleni "jaribio" ni mtihani mdogo wenye maksi, na mtoto wa namna hii akilisikia tu, anataka apate mia. Kwa hiyo mimi huwapeleka maabara. Unapofanya taitresheni, bureti ikisoma 24.3 badala ya 25.0 hujafeli, umepata kipimo. Ndivyo karatasi yetu ilivyo. Inaandikwa mambo matano: hofu inasema nini kitatokea, unaiamini kiasi gani kati ya 0 na 100, utafanya nini hasa na siku gani, kilitokea nini, na sasa unaiamini kiasi gani. Matatu ya kwanza yanaandikwa kabla. Yakiandikwa baadaye, kumbukumbu inayapindisha.

Utabiri uwe wa kitu kinachoonekana. "Itakuwa mbaya" haupimiki. "Darasa zima litacheka na hadi Ijumaa nitakuwa nimepewa jina la utani" unapimika.

Nalinganisha kwa vipimo gani

Vinne. Cha kwanza ni hofu ipi hasa jaribio linaigusa, maana kuna anayeogopa macho ya watu na kuna anayeogopa alama hata kama hakuna atakayeziona. Cha pili ni hasara gani ya kweli inaweza kutokea. Cha tatu ni jibu linapatikana baada ya muda gani, kwa sababu kijana anayeogopa hawezi kungoja mwezi mzima. Cha nne, ambacho wengi hukisahau, ni upenyo: ni wapi mtoto anaweza kurudisha hirizi kimyakimya, jaribio likaonekana limefanyika kumbe halikufanyika.

Kosa la kupanga

Hapa kijana anakosea kwa makusudi, kosa dogo, mahali alipopachagua, halafu anatazama kinachofuata.

Hofu inayoguswa ni ile ya papo kwa papo: nikikosea watu wataniona, watacheka, mwalimu atanishusha. Kwa binti huyu ilikuwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya sekondari anajua kwamba mtu anaweza kuboronga hesabu na asichekwe, lakini akiangusha kitenzi cha Kiingereza mbele ya darasa atasikia mguno. Alikuwa hajanyoosha mkono kipindi cha Kiingereza tangu Januari, na tulikuwa Mei.

Hatukuanzia hapo. Tulianza na daftari: akikosea neno, alikate kwa mstari mmoja, aandike sahihi juu yake, ukurasa ubaki. Alikaa na mstari ule siku tatu kabla hajaweza kuupita bila kuutazama. Kisha akapeleka kazi ya jiografia yenye neno lililokosewa herufi, akijua. Utabiri wake ulikuwa kwamba mwalimu angeandika maneno ya kumshangaa. Mwalimu aliweka tiki. Ndipo tukafika kwenye Kiingereza. Atajibu swali na kuacha ile "s" ya mwisho wa kitenzi. Utabiri: darasa zima litacheka, na hadi Ijumaa atakuwa na jina la utani. Imani: 95.

Wavulana watatu wa nyuma walicheka. Mwalimu alirekebisha kitenzi na kuendelea. Nilikuwa nimemwagiza asitazame chini bali ahesabu, akahesabu: kicheko kiliisha kabla mwalimu hajamaliza sentensi yake. Ijumaa hakukuwa na jina. Jumatatu alimuuliza rafiki yake kama anakumbuka alikosea nini kwenye Kiingereza, rafiki akamwambia, "Wewe? Ulijibu lini?" Imani ikashuka hadi 40. Angalieni kwamba sehemu ya utabiri ilitimia, kwani kuna waliocheka. Hilo halikuharibu jaribio. Lilimwonyesha kwamba kuchekwa kuna mwanzo na mwisho, jambo ambalo darasa la kimya lisingemfundisha.

Hasara ya kweli inategemea mwalimu. Hapa nasema wazi: kama kwenye kipindi fulani kosa linapigiwa fimbo au linatukanwa, jaribio hili lisifanywe kwenye kipindi hicho. Hofu ya mtoto huyo haijapinda, inaona sawasawa. Hapo kazi ni ya sisi watu wazima kuzungumza na mwalimu, si ya mtoto kujipeleka kwenye fimbo ili ajifunze. Pia kosa lisiwekwe kwenye kitu kinachohesabiwa mwisho wa muhula.

Jibu linakuja haraka, mara nyingi siku ileile.

Upenyo ni mwingi na unachekesha. Wapo wanaowaambia marafiki mapema, "leo nitakosea makusudi," ili kosa lisiwe lao. Wapo wanaokimbilia kusema "nilikuwa natania." Wengine huchagua kosa ambalo hakuna mtu angeweza kuliona. Na binti wangu, Mungu ambariki, alikiri baadaye kwamba usiku wa kabla yake alifanyia mazoezi kosa lile mbele ya kioo, mara kumi na kitu, ili alikosee vizuri. Tukarudia wiki iliyofuata na swali ambalo hakulijua mapema, akiruhusiwa kujibu akiwa na uhakika wa nusu tu.

Linamfaa kijana ambaye hofu yake iko kwenye macho ya watu: hanyooshi mkono, hasomi kwa sauti, anakataa kuwakilisha kikundi. Halimfai aliyetoka kudhalilishwa hadharani hivi karibuni, wala aliye kwenye darasa lenye uonevu. Na lina udhaifu mmoja: kwa sababu kosa ni la makusudi, kuna watoto wanaosema, "Hilo si kosa langu, ni lako Mwalimu, wewe ndiye uliniambia." Kwa hao, kosa la kupanga ni hatua ya kwanza tu.

Kengele ya saa

Hapa hakuna kukosea kwa makusudi. Kijana anafanya kazi yake ya kweli, lakini kwa muda au kwa idadi ya marudio iliyopunguzwa, halafu analinganisha na alivyozoea.

Linagusa hofu nyingine kabisa: nisipojiua kwa kusoma, nitaanguka. Hofu hii ni ngumu kuliko ya kwanza kwa sababu watu wazima wote tunaipigia makofi. Hakuna mzazi anayemkuta mtoto anasoma saa nane usiku akaona kwamba ile ni hirizi.

Binti huyu alikuwa anatumia saa tatu kuandika muhtasari wa mada moja ya baiolojia: kalamu nne za rangi, michoro ya kivuli, na kurasa zikichanwa njiani. Tulichukua mada mbili zinazolingana kwa urefu, moja ya figo na nyingine ya neva, zote zikiwa na maswali ya darasani ya Ijumaa. Figo angeisoma kwa mtindo wake. Neva angeifanya kwa dakika 45, kengele ya simu ya mama ikilia anafunga daftari, kalamu moja, hakuna kuchana. Utabiri aliouandika: neva nitapata chini ya 75. Hakuuchagua mpaka huo ovyo, kwani kwenye mtihani wa kidato cha nne A inaanzia 75. Imani: 90.

Figo alipata 88, neva 91.

Nilifurahi kabla ya wakati. Karatasi ina swali dogo chini kabisa: "Ulifanya nini cha ziada ili mambo yasiharibike?" Alilisoma, akanyamaza, akasema, "Mwalimu, samahani." Kengele ililia, daftari alilifunga kweli, lakini usiku alikuwa amesoma kitabu cha kiada chini ya chandarua kwa tochi mpaka karibu saa tisa. Hakuvunja sharti hata moja lililoandikwa. Hirizi alikuwa ameivua shingoni akaitia mfukoni.

Hakukaripiwa. Tulirudia kwa mada nyingine, sharti likiwa limeandikwa upya: dakika 45 ni zote za mada hii kwa siku, iwe kwa daftari, kitabu, kichwa au kumuuliza mtu, na saa nne usiku taa inazimwa. Mama hakuwa askari, alikuwa shahidi tu. Safari hii alipata 84, na imani ikashuka hadi 60, ambayo ni ndogo kuliko nilivyotaka lakini ni ya kweli. "Ilikuwa bahati," alisema. Basi tukarudia mara mbili zaidi: 79, kisha 86. Taitresheni moja haitoshi, unachukua vipimo vitatu ndipo unatafuta wastani. Hilo alilijua bila kufundishwa.

Wastani wa mara tatu ulikuwa 83. Kwa hiyo ndiyo, kusoma saa tatu kulimpa alama kama tano zaidi, na sikutaka kuficha hilo. Tuliliweka mezani kama hesabu ya dukani: alama tano kwa saa mbili na robo, kwa masomo tisa, kwa usiku ngapi? Kazi ya jaribio si kuthibitisha kwamba juhudi haina maana. Ni kumfanya aone bei, maana mtu mwenye hofu hulipa bila kuuliza bei.

Hasara ya kweli ipo hapa kuliko kwenye kosa la kupanga: alama zinaweza kushuka. Kwa hiyo maswali ya darasani yanafaa, mitihani ya muhula haifai, na mwaka wa mtihani wa taifa mambo haya yaanze mapema au yasubiri.

Jibu linakuja baada ya wiki, na kwa marudio matatu ni mwezi mzima. Kwa kijana mwenye haraka ni muda mrefu.

Upenyo ndio huo wa tochi, na una ndugu zake. Yupo anayepunguza muda kwenye baiolojia akauhamishia kwenye kemia. Yupo anayelipa baadaye, anajinyima mapumziko Jumamosi kufidia. Dalili ni uchovu usiopungua. Kama muda umekatwa kwenye karatasi na macho bado ni mekundu asubuhi, muda umejificha mahali.

Linamfaa anayejichosha peke yake: anayerudia, anayekagua, anayechelewesha kukusanya kazi kwa sababu haijakamilika. Linamfaa pia yule anayeahirisha kuanza, maana wengi wao ni hofu hiyohiyo imevaa nguo za uvivu, na yeye kengele inamsaidia kwa upande wa pili: anza sasa, acha dakika ya 45, kusanya kama ilivyo. Halimfai ambaye kweli ana pengo la kusoma na anahitaji muda wa ziada.

Maswali kwa watu

Hapa kijana hafanyi kosa wala hapunguzi chochote. Anakwenda kuuliza. Anaandika anavyodhani watu wanafikiri juu ya makosa, halafu anawauliza watu halisi maswali yaleyale na kulinganisha.

Linagusa imani juu ya vichwa vya wengine. Mwaka 1991 wanasaikolojia wa Kanada, Hewitt na Flett, walitenganisha anayejidai ukamilifu yeye mwenyewe, anayewadai wengine, na anayeamini kwamba wengine wanamdai yeye. Huyu wa tatu ndiye wa jaribio hili. Na mazingira yetu hayamsaidii. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza wanafunzi bora kitaifa kuanzia matokeo ya mwaka 2022, lakini kwenye mbao za matangazo majina bado yanapangwa wa kwanza hadi wa mwisho, na kwenye grupu la ukoo la Wasapu shangazi bado anauliza, "Amekuwa wa ngapi?"

Hatua zake ni nyepesi. Maswali matatu, watu wanane hivi, wa aina tofauti: mwalimu anayemheshimu, binamu aliyemaliza chuo, muuguzi wa zahanati, jirani fundi, wanafunzi wawili. "Umewahi kupata matokeo mabaya? Ilikuwaje baadaye?" "Ukimwona mwanafunzi anayefaulu amekosea ubaoni, kesho yake unamfikiriaje?" Anatabiri kabla: kati ya wanane, wangapi watasema wanamshusha? Binti aliandika sita. Aliyemshusha alikuwa mmoja, mwanafunzi mwenzake. Muuguzi alimweleza kwamba alirudia mtihani wa kidato cha nne, na kwamba wagonjwa wake hawajawahi kumuuliza.

Mtu wa nane alikuwa baba yake. Alimwogopa kuliko wote saba. Alisalimia, akasoma swali kutoka kwenye karatasi kama mtu wa sensa: "Baba, nikishuka hadi namba tano muhula huu, utanionaje?" Baba alifikiri kidogo, akasema hakumbuki hata muhula uliopita alipata ngapi, anakumbuka tu kwamba siku hizi haji kula nao mezani.

Isingekuwa lazima ajibu hivyo. Wapo baba wanaojibu, "Nataka namba moja, basi." Ndiyo hasara ya jaribio hili: huwezi kupanga jibu. Ukimnong'oneza mzazi jibu zuri mapema, umetengeneza hirizi nyingine, na mtoto mwerevu ataijua. Mzazi akijibu kwa ukali umepata habari ya kweli, na kazi inayofuata ni yako na mzazi, si ya mtoto.

Jibu linakuja ndani ya siku tatu nne.

Upenyo wake ni wa hila. Kijana anayependa kuhakikishiwa anaweza kuligeuza liwe ombi la faraja, akauliza watu wanane leo, wanane kesho, na swali likawa "ni sawa nikikosea, eti?" Ndiyo maana idadi inawekwa kabla, maneno ya swali hayabadilishwi, na zoezi linafanywa mara moja. Upenyo wa pili ni adabu yetu. Mtu mzima akiulizwa na mtoto ana kwa ana atajibu kwa upole. Kwa wanafunzi wenzake tulitumia vikaratasi visivyo na jina, ndiyo maana yule mmoja alithubutu kusema alichofikiri.

Linamfaa anayesema "watu wanategemea" kila sentensi, na yule ambaye majaribio mengine mawili yanamtisha asiweze hata kuanza. Halitoshi peke yake. Kusikia kwamba watu husamehe makosa hakufanani na kukosea ukaona. Kwa binti huyu imani ilishuka kutoka 85 hadi 65 tu baada ya maswali, na iliposhuka zaidi ni baada ya kile kitenzi cha Kiingereza.

Jambo moja la yote matatu

Likifaulu, mtoto atalishusha: "Ilikuwa rahisi." Kwa watoto hawa kiwango kikifikiwa kinasogezwa juu, na jaribio nalo hufanyiwa hivyohivyo. Mimi huongeza mstari mmoja kabla ya kuanza: "Nikiona nini, nitakubali kwamba utabiri wangu haukuwa sahihi?" Anaandika mwenyewe, anatia tarehe. Akianza kusema "bahati," namrudishia karatasi yake asome mwandiko wake.

Kwa hali yako

Kama anafaulu vizuri kwenye karatasi lakini darasani ni bubu, anza na kosa la kupanga, kwa hatua ndogo, na mwalimu wa kipindi hicho awe mtu wa kurekebisha bila kejeli. Huhitaji kumwambia siri nzima. Hakikisha tu ni mtu wa namna hiyo.

Kama tatizo linaonekana usiku, kwa taa, macho mekundu na kazi zisizokusanywa, anza na kengele. Chagua somo ambalo yuko imara zaidi, si lile linalomtia hofu zaidi. Weka marudio matatu kwenye kalenda kabla ya lile la kwanza.

Kama kila anachoogopa kina jina la mtu ndani yake, anza na maswali, kisha uingie kwenye mojawapo ya yale mawili ndani ya wiki mbili, kabla maswali hayajawa faraja.

Kama mtihani wa taifa uko chini ya miezi miwili, achana na kengele. Kosa la kupanga kwenye daftari na ujumbe wa simu linaweza kuendelea, maana haligusi alama.

Kama haijulikani ni hofu ipi, mpe karatasi aandike utabiri wa yote matatu bila kufanya lolote. Ule atakaoupa imani kubwa zaidi unakuonyesha hofu ilipo, na ule wa 50 au 60 ndio wa kuanzia.

Kama amepungua mwili, ameacha mambo aliyoyapenda, anajiumiza, au anasema ni afadhali asingekuwepo, hakuna jaribio hata moja kati ya haya. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Tanzania na Kenya namba ya simu ya huduma kwa watoto ni 116.

Na kama, ukisoma haya, umejikuta unamfikiria mzazi kuliko mtoto, mzazi atangulie. Mama wa binti yule alifanya lake kwenye grupu la wazazi la Wasapu: aliandika ujumbe wa michango ya mahafali, akakosea tarehe, akauona, akaacha dakika 30 zipite ndipo aurekebishe. Utabiri wake ulikuwa kwamba angepigiwa simu. Binti alikaa pembeni yake anatazama saa.